Tatu ya Nani? Maana ya Madaraja katika Kipimo cha Ulemavu Baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi kliniki baada ya miezi mitatu, mara nyingi hali yake yote hufupishwa katika faili kwa tarakimu moja: Rankin 2, Rankin 3, Rankin 4. Daktari atakayempokea mwezi ujao ataisoma tarakimu hiyo na kuamua kama mgonjwa anaendelea vizuri. Mtafiti ataijumlisha na tarakimu za wagonjwa wengine ili ajue kama dawa fulani imefaa. Wote wawili hudhani kuwa aliyeiandika tatu alikuwa na tatu ileile waliyo nayo wao vichwani. Dhana hiyo haiwi kweli yenyewe. Huwa kweli pale tu ambapo kila daraja la kipimo limefafanuliwa kwa maneno yanayoweza kuulizwa, kuonekana na kukaguliwa.

Tatu iliyofungwa na tatu iliyoachwa wazi

Mfano mzuri wa daraja lililofafanuliwa vyema unapatikana katika kupima nguvu za misuli. Kipimo kilichosambazwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kina madaraja sita, kuanzia 0 mpaka 5. Sifuri ni msuli usiojikaza hata kidogo, na moja ni msuli unaocheza bila kukisogeza kiungo. Katika mbili kiungo husogea, lakini pale tu kinapoondolewa mzigo wa uzito wake, kwa mfano mguu unapoteleza juu ya godoro mgonjwa akiwa amelala ubavu. Tatu ni kiungo kinachoinuka dhidi ya uzito wake chenyewe, bila kuweza kushinda mkono wa mpimaji unaokizuia.

Mpimaji anayetaka kujua kama goti lina tatu humketisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda, mguu ukining'inia, kisha humwomba aunyooshe. Ukinyooka wote, tatu imepatikana. Asipoweza, daraja ni la chini zaidi. Muuguzi wa zahanati na bingwa wa hospitali ya rufaa watapata jibu lilelile, kwa sababu mpaka kati ya mbili na tatu haukuwekwa na hisia ya mpimaji. Umewekwa na mvuto wa dunia, ambao hauongezeki wala kupungua kwa kubadilisha wodi.

Lakini katika kipimo hichohicho, daraja la nne halina bahati hiyo. Nne ni kiungo kinachoinuka na kushinda kizuizi kwa kiasi, ila si kwa nguvu kamili. Kiasi gani? Mpimaji mwenye mkono mwepesi atatoa tano pale ambapo mwenye mkono mzito angetoa nne. Kipimo ni kimoja, wapimaji wana elimu moja, na bado daraja moja huwakutanisha na jingine huwatenganisha. Tofauti imo katika sentensi inayolifafanua kila daraja: ya kwanza inataja jambo linalotokea au lisilotokea, ya pili inataja kadiri bila kusema hupimwaje.

Kipimo cha Rankin na mpaka wenye uzito

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kueleza ulemavu baada ya kiharusi kilianza Glasgow, Uskoti. Mwaka 1957 daktari John Rankin alichapisha madaraja matano ya kuwapanga wagonjwa wake kwa kadiri walivyoweza kujimudu. Baadaye kipimo kilirekebishwa nchini Uingereza na kuongezwa daraja la sifuri, na katika tafiti huongezwa la sita kwa waliofariki. Kwa ufupi madaraja yake ni haya:

0: hana dalili yoyote.
1: ana dalili, lakini anamudu kazi na shughuli zake zote za kawaida.
2: ulemavu mdogo, hamudu yote aliyoyamudu zamani, ila anajiangalia mwenyewe bila msaada.
3: ulemavu wa kati, anahitaji msaada kiasi, ila anatembea bila msaada.
4: ulemavu mkubwa kiasi, hatembei bila msaada, wala hatimizi mahitaji ya mwili wake bila msaada.
5: ulemavu mkubwa, ni wa kitandani, hazuii haja, anahitaji uangalizi wa kudumu.
6: amefariki.

Orodha hii inaeleweka upesi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Tafiti nyingi za kiharusi huwahesabu wagonjwa wa daraja la 0 hadi 2, siku 90 baada ya ugonjwa, kuwa wamepata matokeo mazuri, na wa daraja la 3 kwenda juu kuwa hawakuyapata. Kwa hesabu ya namna hiyo, mpimaji anayewaita wagonjwa wake wawili wenye hali moja, mmoja mbili na mwingine tatu, anamweka mmoja upande wa waliofaulu na mwingine upande wa walioshindwa. Dawa inayofaa inaweza kuonekana haifai kwa sababu tofauti kati ya wapimaji imeifunika tofauti kati ya wagonjwa.

Tofauti hizo zilipimwa zamani. Mwaka 1988 van Swieten na wenzake wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 100, kila mmoja akiwa ametathminiwa na madaktari wawili. Wapimaji walikubaliana kwa wagonjwa 65. Kwa wagonjwa 32 walitofautiana kwa daraja moja, na kwa 3 walitofautiana kwa madaraja mawili. Makosa makubwa yalikuwa machache, na hilo ni jambo la kutia moyo kwa daktari wa kliniki. Lakini theluthi nzima ya wagonjwa walipewa madaraja mawili tofauti, na iwapo tofauti hiyo ya daraja moja inaangukia kati ya mbili na tatu, si tofauti ndogo tena.

Mgonjwa mmoja, madaraja matatu

Namna wapimaji waangalifu wanavyofikia majibu tofauti huonekana vizuri kwa mgonjwa wa mfano. Achukuliwe fundi cherehani mwenye umri wa miaka 58, aliyepata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kulia. Miezi mitatu imepita. Anatembea nyumbani na mpaka kona ya mtaa akiwa na mkongojo. Anaoga, anavaa, anakwenda chooni na kula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ingawa polepole. Cherehani hajaigusa tangu augue. Mke wake hupika, kama alivyopika siku zote. Binti yake humtunzia fedha na kumpangia dawa za shinikizo la damu, na kijana wake humsindikiza anapopanda daladala kwenda kliniki.

Mpimaji wa kwanza anamwona mzee aliyevaa nadhifu, aliyeingia kwa miguu yake na kujibu salamu kwa ufasaha. Anaoga mwenyewe, anakula mwenyewe, basi anajiangalia mwenyewe. Anaandika mbili.

Mpimaji wa pili anasoma sentensi ya daraja la nne: "hatembei bila msaada." Mkongojo si msaada? Bila mkongojo mzee huyu angeanguka. Anaandika nne, huku akisitasita kwa kuwa nusu ya pili ya sentensi, ile ya mahitaji ya mwili, haimfai mgonjwa.

Mpimaji wa tatu anamhesabu mke anayepika, binti anayetunza fedha na kijana anayesindikiza. Huo ni msaada kiasi, na mzee anatembea. Anaandika tatu.

Hakuna aliyezembea. Kila mmoja ameisoma orodha ileile na kumwona mtu yuleyule. Walichotofautiana ni maana ya neno moja, nalo ni "msaada".

Neno moja, maana tatu

Kwa Kiswahili neno hilo lina upana wa kutosha kuwapoteza wapimaji. Mtu husaidiwa na mtu, na husaidiwa na kitu. Mkongojo, miwani na reli ya ngazi vyote husemwa kuwa vinasaidia. Msomaji asiyeongozwa ana haki ya kuvihesabu. Lakini katika kipimo cha Rankin kama kinavyotumika katika usaili ulioandaliwa, msaada ni wa mtu mwingine: kumshika mgonjwa, kumwelekeza kwa maneno, au kukaa karibu naye kumchunga asipate madhara. Chombo anachokitumia mwenyewe si msaada. Kwa hiyo sentensi ya daraja la tatu ikitafsiriwa kwa neno "msaada" peke yake, imetafsiriwa nusu. Iliyokamilika ingesema: "anatembea bila kushikwa, kuelekezwa wala kuchungwa na mtu mwingine, hata kama anatumia mkongojo au kifaa kingine." Kwa sentensi hiyo, nne ya mpimaji wa pili huanguka papo hapo.

Maana ya pili iliyojificha ni tofauti kati ya kusaidiwa na kuhitaji kusaidiwa. Katika nyumba nyingi mgonjwa hafanyi jambo kwa sababu wapo watu wa kulifanya, na kumwacha afanye kungeonekana utovu wa heshima. Mke wa fundi hupika kwa desturi ya nyumba yao, si kwa sababu ya kiharusi. Mpimaji anayehesabu kila kinachofanywa na familia atawapa madaraja ya juu zaidi wazee wenye watoto wengi, na ya chini wale wanaoishi peke yao, hata kama miili yao ina uwezo uleule. Atakuwa ameipima familia badala ya kumpima mgonjwa. Kwa hiyo fasili haina budi kuuliza uwezo: je, msaada huo ni wa lazima? Kwa mpishi, swali halihusu mapishi ya sikukuu. Linahusu kama mgonjwa angeweza kujiandalia chakula chepesi, kwa mfano kupasha uji moto na kuumimina, ikibidi.

Maana ya tatu ni mipaka ya "kujiangalia". Mpimaji wa kwanza aliishia kwenye kuoga na kula. Lakini mtu haishi kwa kuoga na kula tu. Hununua mahitaji, hushika fedha zake, hufanya kazi ndogo za nyumbani na husafiri maeneo ya karibu. Kipimo kisipotaja mambo haya kwa majina, kila mpimaji atachora mpaka wake, na mgonjwa mwenye akili iliyochujuka lakini viungo vizuri atapita akionekana mzima.

Maswali kabla ya tarakimu

Mwaka 2002 Wilson na wenzake wa Uskoti walichapisha njia ya kuzifunga nafasi hizo zilizo wazi. Hawakubadilisha madaraja ya Rankin. Waliandaa usaili wenye sehemu tano zinazokwenda kwa mpangilio, kutoka hali nzito hadi nyepesi, na daraja hupatikana kutokana na majibu.

Sehemu ya kwanza huuliza kama mgonjwa anahitaji uangalizi wa kudumu, yaani mtu wa kuwapo wakati wote. Mwangalizi huyo si lazima awe muuguzi. Ndugu asiye na mafunzo anahesabika sawasawa. Jibu likiwa ndiyo, daraja ni la tano. Sehemu ya pili huuliza mahitaji ya msingi ya mwili: kula, kwenda chooni, usafi wa mwili na kutembea. Panapokuwa na msaada wa lazima hapo, daraja ni la nne. Sehemu ya tatu huuliza shughuli za kuendesha maisha: kuandaa chakula chepesi, kazi za nyumbani, fedha za matumizi, kununua mahitaji na safari za karibu. Msaada wa lazima ukiwa hapo, daraja ni la tatu. Sehemu ya nne huuliza kama mgonjwa amerejea kazi yake, majukumu yake ya kifamilia na maisha yake ya kijamii. Pengo hapo ni daraja la pili. Sehemu ya tano ni orodha ya dalili, nayo hutenganisha moja na sifuri.

Kwa njia hii tatu haijadiliwi tena kama "ya kati". Tatu ni mtu ambaye mwili wake anaumudu na nyumbani anatembea, lakini kuna jambo la kuendesha maisha ya kila siku asilolimudu pasipo mtu mwingine. Mipaka yake miwili imetajwa: wa juu ni mahitaji ya mwili, wa chini ni shughuli za kuendesha maisha.

Fundi cherehani akipitishwa katika maswali hayo, njia inakuwa fupi. Uangalizi wa kudumu hauhitaji, maana hubaki peke yake nyumbani asubuhi nzima bila madhara, tano imeondoka. Anakula, anaoga, anakwenda chooni na kutembea bila mtu, nne imeondoka. Katika sehemu ya tatu, mpimaji anaanza na chakula. Mzee anasema hajawahi kupika, lakini mke wake aliposafiri kwenda msibani kwa siku mbili alijipashia wali na maharage. Hapo msaada si wa lazima. Kuhusu daladala, kijana humsindikiza kwa hofu ya familia, ila mwezi uliopita alikwenda msikitini ng'ambo ya barabara kuu peke yake na kurudi. Hapo pia si wa lazima.

Zinabaki fedha na dawa. Binti anaulizwa swali moja: "Siku ambayo hukuwapo, ilikuwaje?" Anaeleza kuwa siku hiyo baba alimlipa muuza mkaa mara mbili, na jioni alimeza vidonge vya siku mbili kwa pamoja. Kabla ya kiharusi alikuwa akiendesha hesabu za wateja wake wote kichwani. Msaada huu hautolewi kwa mazoea wala kwa heshima. Ukiondolewa, madhara hutokea. Kutunza fedha ni moja ya mambo yaliyotajwa katika sehemu ya tatu, na hilo moja latosha. Daraja ni tatu.

Mpimaji wa tatu alikuwa ameandika tatu tangu mwanzo, lakini kwa sababu zisizo sahihi: mapishi na daladala. Lau binti asingekuwa na kisa cha mkaa, mpimaji huyo bado angeandika tatu, na angekuwa amekosea, kwa kuwa daraja la kweli lingekuwa mbili. Ndiyo maana wapimaji kufikia tarakimu moja si ushahidi wa kutosha kwamba wanamaanisha jambo moja. Mwongozo mzuri humtaka mpimaji aandike pembeni jibu lililoamua daraja. Kwenye faili la fundi itasomeka: "3: fedha." Daktari wa mwezi ujao atajua la kuuliza, na familia itajua kwamba dawa hazipaswi kuachwa mikononi mwa mzee bila kupangwa.

Kuijaribu fasili kabla ya kuitumia

Wilson na wenzake waliijaribu njia yao kwa wagonjwa 63. Bila usaili ulioandaliwa, wapimaji wawili walikubaliana kwa asilimia 57 ya wagonjwa, na mmoja wao alikuwa na mwelekeo wa kutoa madaraja ya chini kuliko mwenzake. Kwa kutumia usaili, walikubaliana kwa asilimia 78, na mwelekeo huo haukuonekana tena.

Kliniki inayotaka kutumia kipimo cha madaraja, kiwe hiki au kingine, inaweza kufanya jaribio la namna hiyo bila gharama kubwa. Wapimaji wawili humtathmini mgonjwa yuleyule, kila mmoja kivyake, ndani ya muda mfupi ili hali isibadilike, na kila mmoja huandika daraja na jibu lililoliamua kabla ya kuzungumza na mwenzake. Wagonjwa wachaguliwe kutoka hali zote. Wakiwa karibu wote na hali nyepesi, wapimaji wawili wanaoandika moja kila mara wataonekana wamekubaliana, kumbe hawajapima chochote.

Kisha matokeo huwekwa katika jedwali: madaraja ya mpimaji wa kwanza upande mmoja, ya pili upande mwingine. Waliokubaliana hukaa kwenye mstari wa mshazari. Walio nje ya mstari ndio wenye mafunzo. Wakitapakaa kila mahali, huenda wapimaji hawajazoea usaili. Wakirundikana kati ya mbili na tatu, kuna sentensi yenye ufa mahali hapo. Wakiwa wote upande mmoja wa mstari, mpimaji mmoja ni mkali au mpole kuliko mwenzake. Baada ya hapo wapimaji huyasoma majibu waliyoyaandika pembeni kwa wagonjwa waliotofautiana, na mara nyingi chanzo hujitokeza katika neno lilelile linalorudiarudia: "msaada", "kawaida", "wakati mwingine".

Linalorekebishwa ni maneno ya mwongozo. Kumtaka mpimaji mpole "awe makini zaidi" hakubadilishi kitu, kwa kuwa umakini wake hauna pa kushika. Kuandika kwamba "kushikwa mkono wakati wa kuvuka barabara tu hakuhesabiki kuwa msaada wa kutembea nyumbani" humpa pa kushika. Baada ya marekebisho, jaribio hurudiwa kwa wagonjwa wengine. Wale wa kwanza hawafai tena, kwa sababu wapimaji wameshajadiliana juu yao na wanayakumbuka majibu.

Mwongozo pia huamua mapema mambo matatu ambayo wapimaji wakiachiwa kila mmoja ataamua lake. La kwanza ni wakati: daraja ni la hali ya sasa, si la siku nzuri kuliko zote wala la wiki ambayo mgonjwa alikuwa na malaria. La pili ni hali ya zamani. Mtu aliyekuwa na mguu uliolemaa kwa polio kabla ya kiharusi lazima ielezwe anahesabiwaje, na hali yake ya kabla iandikwe kando. La tatu ni kauli zinazopingana. Mgonjwa husema anamudu, mke husema hamudu. Mwongozo usiosema la kufanya humwachia kila mpimaji kumwamini anayempendeza. Unaosema "ombeni mfano wa siku za karibuni, na mfano ndio uamue" huwarudisha wote kwenye jambo lililotokea.

Pale fasili inapokoma

Asilimia 78 si 100. Hata kwa usaili uliopangwa, mgonjwa mmoja kati ya watano hivi alipewa madaraja mawili. Sehemu ya tofauti hiyo haitokani na wapimaji. Ulemavu ni mteremko usio na ngazi, na madaraja ni ngazi zilizochongwa juu yake. Wapo wagonjwa wanaoishi ukingoni kabisa mwa ngazi, wanaomudu fedha leo na kuzikosea kesho. Hakuna sentensi itakayowaondoa ukingoni. Kilicho ndani ya uwezo wa sentensi ni kuhakikisha kwamba ukingo uko mahali pamoja kwa kila mpimaji.

Kuna pia hatari ya kuzidisha. Fasili ikijazwa masharti ishirini, mpimaji mwenye wagonjwa arobaini kwenye foleni ataacha kuisoma, atarudi kwenye hisia yake, na tarakimu atakazoandika zitakuwa na sura ya usahihi bila kuwa nao. Sharti linastahili kuingia katika mwongozo pale tu jaribio lilipoonyesha kuwa kukosekana kwake kuliwatenganisha wapimaji.

Na tarakimu haijumlishi kila kitu. Fundi cherehani ana tatu kwa sababu ya fedha. Jirani yake anaweza kuwa na tatu kwa sababu hawezi kwenda sokoni bila kusindikizwa, huku hesabu zake zikiwa safi. Kwa mtafiti wote ni sawa. Kwa fiziotherapia, kwa mke na kwa binti si sawa hata kidogo, na ndiyo sababu ya pili ya kuandika lile neno pembeni.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, kazi katika tathmini hii ni moja. Wanapoulizwa kama anaweza jambo fulani, jibu lenye manufaa si "anajitahidi" wala "hajambo, tunashukuru". Ni maelezo ya siku ambayo msaidizi hakuwapo: nani alilipa, nani alipasha chakula, dawa zilimezwaje, alifikaje chooni usiku. Jibu la namna hiyo akilisikia mpimaji wa Mwanza au wa Mombasa, wataandika tarakimu moja, na wataiandika kwa sababu moja.